Picha ya Mteja Ina Wenyewe

Mwishoni mwa Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitangaza adhabu iliyowashtua wenye baa, saluni na maduka ya nguo. Mgahawa mmoja wa Nairobi, Casa Vera Lounge, ulitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja wake mtandaoni bila ridhaa yake. Katika tangazo hilo hilo, Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi.

Wengi waliosikia habari hiyo walishangaa. Mgahawa haukumtukana mtu wala kumzulia jambo. Ulifanya kile ambacho karibu kila biashara ndogo ya Afrika Mashariki hufanya kila wiki: kuonyesha wateja wakifurahia, ili na wengine waje. Ila sheria ya Kenya ya mwaka 2019 inakataza wazi kutumia taarifa za mtu kwa manufaa ya kibiashara bila kibali chake cha wazi, na sura ya mtu inayotambulika ni taarifa yake. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia.

Lakini mgahawa ule ni mfano mwepesi, kwa kuwa kosa lake linaonekana. Kinachowasumbua wafanyabiashara waungwana ni hali nyingine: mteja amejipiga picha mwenyewe, ameiweka kwenye ukurasa wake mwenyewe, na amekutaja kwa jina la akaunti yako akikushukuru. Je, hapo si amekuruhusu? Tuliangalie jambo hili kwa mfano mmoja, maana undani wake ndiko uliko.

Tuseme wewe ni fundi wa nguo Sinza, Dar es Salaam. Umemshonea dada mmoja gauni la sendofu, nalo limemkaa vizuri kupita ulivyotarajia. Siku mbili baada ya shughuli anaweka picha sita Instagram na kuandika, "Fundi wangu hajawahi kuniangusha," na chini yake anaitaja akaunti yako. Picha ya tatu ndiyo unayoitaka. Amesimama na matroni wake, mbele yao kuna binti wa miaka kama mitano ameshika maua, na pembeni chini kuna nembo ndogo ya studio iliyopiga picha. Unataka kuiweka kwenye stori leo, kwenye ukurasa wako kesho, kwenye stetasi ya WhatsApp wiki nzima, na ikifika Novemba, kabla ya harusi za Desemba, uilipie iwe tangazo.

Hizo ni kazi nne tofauti za picha moja, na haziko sawa kwa uzito.

Stori ndiyo nyepesi. Mtu akikutaja kwenye stori yake, Instagram yenyewe inakupa kitufe cha kuiongeza kwenye yako, na picha inakuja ikiwa na jina lake juu. Anayeigusa anapelekwa kwake, na baada ya saa 24 imeondoka. Mtu anayemtaja fundi hadharani kwa shukrani anategemea kwa kiasi kikubwa kwamba fundi ataisambaza kwa njia hiyo, na kwa maoni yangu hapo "Asante sana dada, naiweka kwenye stori yangu" inatosha. Angalia tu usije ukaihifadhi kwenye vile viduara vya juu ya ukurasa, kwa kuwa stori ya siku moja ikiingia humo inakaa miaka.

Mambo yanabadilika pale unapopiga skrinishoti au kuipakua ile picha na kuiweka upya kwako. Sasa kuna nakala ya pili iliyo mikononi mwako. Yeye akifuta ya kwake kesho, labda kwa sababu uchumba umevunjika, ya kwako inabaki, na watu wataendelea kumpongeza chini yake. Instagram nayo haikusaidii hapo. Kwa masharti yake, anayeweka picha anaipa Instagram kibali cha kuitumia kwenye mtandao wake huku haki ikibaki kwa mwenyewe. Duka au fundi aliyetajwa hakupewa chochote katika mapatano hayo. Kutajwa ni pongezi, na pongezi haihamishi haki. Na kama akaunti yake ni ya faragha, yaani wanaoiona ni aliowakubali tu, basi kuichukua picha humo ni kuitoa ndani kwa watu na kuipeleka barabarani.

Swali linalofuata ni la kumwomba nani, na hapa ndipo wengi hukosea hata wakiwa na nia njema. Picha ile ya tatu ina aina mbili za wenyewe. Kuna wanaoonekana ndani yake, na kuna aliyeipiga. Haki ya sura ni ya wanaoonekana. Hakimiliki ya picha kama kazi ya sanaa huanzia kwa mpiga picha, hata kama hayumo kwenye picha na humjui. Dada wa sendofu anaweza kukuruhusu kuitumia sura yake kwa moyo mweupe, wakati studio ikawa haijaruhusu lolote.

Mtu atauliza: si amewalipa? Jibu linategemea mkataba wao na nchi walipo. Sheria ya hakimiliki ya Kenya, kwa mfano, inasema kazi iliyoagizwa huhesabika kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa wamekubaliana vingine. Studio nyingi za harusi hukubaliana vingine, kwa kuandika kwenye mkataba kwamba picha ni kwa matumizi ya familia. Tena hata pale ambapo hakimiliki imehama, mpiga picha hubakiwa na haki ya kutambulika kuwa ndiye aliyeifanya kazi, na ya kupinga isiharibiwe. Wewe fundi mkataba huo hujauona, wala huna sababu ya kuuona. Ujumbe mmoja kwa studio unamaliza utata wote, na ninavyowajua wapiga picha wa harusi, karibu wote hukubali ukiwataja, kwani kwao nayo ni biashara.

Wasichokubali ni kukatwa nembo. Fundi anaikata picha ili gauni lijae kioo, na ile nembo ya pembeni inaondoka. Au anaweka kichujio cha rangi kinachogeuza ngozi ya watu, kisha anabandika nembo yake mwenyewe katikati. Hilo huwaudhi wapiga picha kuliko kutotajwa, na wana pa kwenda. Instagram ina fomu ya kulalamikia ukiukaji wa hakimiliki. Picha ikilalamikiwa huondolewa, na akaunti inayorudia rudia inaweza kufungwa kabisa. Kwa biashara ambayo wateja wake wote wako kwenye akaunti hiyo, sidhani kama kuna faini inayouma kuliko hiyo.

Wamebaki matroni na mtoto. Matroni ni mtu mzima na anatambulika, hivyo aulizwe. Kwa kawaida bibi harusi mtarajiwa mwenyewe ndiye atakayemuuliza kwa niaba yako, na atakutumia jibu lake. Mtoto ni jambo jingine. Kwake ridhaa hutolewa na mzazi au mlezi, na dada wa sendofu si mama yake, ni shangazi tu. Adhabu ya Uthiru ilizidi ya mgahawa zaidi ya mara mbili, na walioonekana kwenye picha walikuwa watoto. Ushauri wangu ni mfupi: kama mama wa mtoto hajasema ndiyo, chukua picha nyingine kati ya zile sita. Ukilazimika kuitumia hiyo, mfunike uso mtoto kwa njia isiyoweza kuondolewa, na umwambie mpiga picha kwamba umefanya hivyo.

Sasa ujumbe wenyewe. Watu wengi huomba kwa kuandika "Naomba kuposti picha yako dada," wanajibiwa "Sawa," na wanaamini wamemaliza. Miezi minne baadaye dada anaiona sura yake kwenye tangazo la kulipiwa lililomfikia bosi wake, ndipo ugomvi unapoanza, maana yeye alisema sawa kwa stori na fundi alisikia sawa kwa kila kitu. Ombi zuri linataja mahali picha itakapokwenda, muda itakaokaa, kama italipiwa, na jina litakaloandikwa. Linaweza kuwa hivi:

"Habari za leo dada. Hongera tena kwa shughuli, na asante kwa kunitaja. Naomba ruhusa yako kuweka ile picha ya tatu kwenye ukurasa wangu wa Instagram na stetasi ya WhatsApp. Sitaikata wala kubadili rangi. Nitaandika jina lako na la studio, ila kama hupendi jina lionekane niambie. Kwa sasa siilipii tangazo, nikitaka kufanya hivyo nitakuuliza upya. Siku yoyote ukitaka niitoe, niandikie tu nami nitaitoa. Matroni wako naye na mama wa yule binti wameridhia?"

Mtu anausoma kwa nusu dakika. Kwa studio ujumbe ni mfupi zaidi: taja picha, taja kwamba mteja ameridhia, uliza wanataka waandikwe vipi, na sema haitakatwa. Kama unajua tangu mwanzo kwamba utailipia tangazo au kuiweka kwenye bango la dukani, sema hapo hapo na uwe tayari kuambiwa bei. Kumtoza mtu anayetumia kazi yako kutafuta wateja si uchoyo.

Jibu nalo lisomwe vizuri. Vikopakopa na "asante mpenzi" si ruhusa, ni adabu. Ukimya si ruhusa, hata kama ameuona ujumbe na alama zimekuwa za buluu. "Ngoja nimuulize mume wangu" maana yake ni hapana mpaka arudi. Na yule anayekwambia "we posti tu bwana, mbona unauliza mambo mengi" ametoa ruhusa kamili kwa yote uliyoyaorodhesha, kwa hiyo kule kuorodhesha kumekufaa wewe kuliko yeye.

Lihifadhi jibu hilo. Sheria ya Kenya inaweka mzigo wa kuthibitisha ridhaa kwa anayetumia taarifa, yaani kwako, na si kwa mteja kuthibitisha kwamba alikataa. Mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kuwa yamewekwa yajifute yenyewe, na simu huibiwa. Piga skrinishoti yenye tarehe, iweke kwenye folda moja pamoja na picha inayohusika, na uwe na nakala nje ya simu. Baadhi ya maduka hupenda njia ya mkato, ya kuandika kwenye risiti kwamba anayenunua amekubali picha zake kutumika. Sioni kama karatasi hiyo itakuokoa. Ridhaa inapaswa kuwa ya hiari na ya wazi, na mtu aliyekuja kuchukua gauni alilokwisha kulilipia hana hiari ya maana mbele ya maandishi madogo ya nyuma ya risiti. Punguzo la bei kwa anayekubali picha linatetewa kwa urahisi zaidi, mradi asiyekubali auziwe kwa bei ya kawaida na asinuniwe.

Kuna jambo moja la pwani ambalo mafundi, wapambaji na wachora hina wa Mombasa, Zanzibar na Dar wanalijua vyema, na wageni katika biashara hizi huwa hawalijui. Picha nyingi nzuri za wateja hazitoki Instagram. Mteja anakutumia mwenyewe kwa WhatsApp, ili uone gauni lilivyomkaa au piko ilivyokoza. Picha hiyo huenda imepigwa kwenye shughuli ya wanawake watupu, ambako mlangoni watu waliambiwa wasipige picha, na huenda mwenyewe hana mtandio. Alikutumia kwa sababu wewe ni mwanamke na ni fundi wake. Kuiweka kwenye stetasi, ambako ndugu zake wa kiume na wateja wako wengine wataiona, kunaweza kumletea matata ambayo hakuna samahani itakayoyafuta. Kukata kichwa pekee hakusaidii sana, kwani gauni lenyewe lilionwa na watu mia tatu na pete anaijua kila jirani. Kwa picha iliyokuja inboksi, chukulia kwamba jibu ni hapana mpaka uambiwe ndiyo. Kama unachotaka kuonyesha ni mshono, livike sanamu la dukani gauni hilo kabla mteja hajalichukua na upige picha yako mwenyewe. Hapo kazi ni yako, picha ni yako, na hakuna uso.

Tukija kwenye kumtaja mwenye picha, jambo la kwanza ni kwamba kutaja hakuchukui nafasi ya kuomba. Wapo wanaoamini kwamba ukiandika jina la mpiga picha umeshalipa deni. Hujalipa. Umetangaza tu kwamba unajua picha ni ya nani na umeichukua. Na yale maandishi ya "picha kwa hisani ya mtandao" au "haki zote kwa mwenyewe" hayamtaji mtu yeyote. Mtandao haupigi picha.

Kutaja kunakofaa kunamwezesha msomaji kumfikia anayetajwa. Instagram huonyesha mistari michache tu ya mwanzo ya maelezo kabla ya kuficha mengine, kwa hiyo jina lililozikwa chini ya alama za reli ishirini ni kama halipo. Liweke juu, na utagi akaunti hiyo kwenye picha yenyewe pia. Kwa mfano wetu ingekuwa "Gauni nimelishona mimi, picha ni ya studio fulani," na akaunti ya studio ikiguswa inafunguka. Ukiihamishia picha hiyo WhatsApp au Facebook, andika jina upya, kwani alama ile haifanyi kazi nje ya Instagram. Na kama mteja amekuambia anaruhusu picha lakini hataki jina, basi usimtagi, usimwite jina, na usiandike "bibi harusi wetu wa Benki fulani tawi la fulani." Kwake yeye, kutomtaja ndiyo heshima aliyoiomba.

Hatimaye kuna siku utaambiwa uitoe. Ndoa haikufungwa, au ilifungwa na ikavunjika, au mtu ameamua tu kwamba hataki tena. Mteja hana wajibu wa kukupa sababu. Sheria ya Kenya inampa haki ya kuondoa ridhaa yake wakati wowote, ingawa matumizi ya kabla ya hapo, uliyofanya kwa ruhusa, hayageuki kuwa kosa. Kazi yako ni kuitoa kwa ukamilifu, na hapa watu hushindwa kwa kusahau zilipo nakala. Kama akaunti zako zimeunganishwa, picha uliyoweka Instagram ilikwenda na Facebook, na ukiifuta huku kule inabaki. Kuificha kwenye kumbukumbu za akaunti si kuifuta. Angalia viduara vya juu, katalogi ya WhatsApp ya biashara, tangazo linaloendelea kulipiwa, na vijana wanaokuuzia kwa kamisheni ambao uliwatumia picha zote kwenye kundi. Kisha mjulishe mteja kwamba umemaliza, na umtajie ulikoitoa.

Na kama wewe ndiye uliye kwenye picha, na duka limekutumia bila kukuuliza, anza kwa kuwaandikia, ukiwa umeshapiga skrinishoti inayoonyesha akaunti na tarehe, kwa maana wakishafuta ushahidi huwa umeondoka nao. Wengi hutoa picha siku hiyo hiyo na kuomba radhi. Wakikaidi, Tanzania lalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na Kenya kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka akamilishe uchunguzi ndani ya siku 90.